Mbegu Iliyododa Kasikeu: Hasara Huingia Vitabuni Siku Gani?

Krismasi inapofika, mashamba ya Kasikeu huwa yamekwisha kusema neno lake. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua ya Oktoba na Novemba yana miezi miwili au yanakaribia, na ambaye hakupanda hatapanda tena hadi mwaka ujao. Katika duka la pembejeo, agroveti kama wengi wanavyoliita, kwenye rafu ya nyuma zimebaki pakiti za mbegu zilizonunuliwa kwa matumaini ya msimu uliopita. Kila pakiti imeandikwa kwamba itumike kabla ya mwisho wa Aprili. Mwenye duka anazitazama na kusema bado ni nzima. Tarehe 31 Desemba anahesabu stoki yake, anazidisha idadi kwa bei ya kununulia, na kufunga vitabu.

Hapo ndipo kosa linapoingia, na ni kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko jingine lolote katika hesabu za maduka ya mbegu. Tarehe ya kwenye pakiti humwambia mkulima kama mbegu itaota. Haimwambii mwenye duka kama mbegu itauzwa. Hasara ya mbegu iliyododa huzaliwa siku dirisha la kupanda linapofungwa, na Aprili huja tu kuithibitisha. Anayesubiri Aprili ndipo aiandike amekwisha kuonyesha katika hesabu za Desemba faida ambayo hakuipata.

Kasikeu ni wadi ya eneo bunge la Kilome, kaunti ya Makueni, si mbali na Sultan Hamud kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Kama Ukambani kote, kilimo chake kina misimu miwili. Mvua ya Oktoba hadi Desemba Wakamba huiita nthwa, na hiyo ndiyo mvua ya kutegemewa. Mvua ya Machi hadi Mei, uua, ni fupi zaidi kwa manufaa ingawa Kenya kwa jumla huiita mvua ndefu, na mara nyingi huwaacha wakulima njiani. Kwa hiyo pakiti iliyokosa mnunuzi Novemba haisubiri msimu mwingine unaolingana na ule uliopita. Inasubiri msimu dhaifu, na ikiukosa huo nao, imekwisha. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikifeli katika sehemu kubwa ya nyanda kame za Kenya. Duka lililojaza rafu katika miaka ile lilikuwa na stoki nyingi karatasini na wateja wachache mlangoni.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinataka stoki ionyeshwe kwa gharama yake au kwa thamani halisi ya mauzo, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kiwango cha IFRS kwa biashara ndogo na za kati kinafikisha mahali pale pale. Kenya imefuata viwango vya kimataifa vya uhasibu tangu 1999. Thamani halisi ya mauzo ni bei unayotarajia kuuzia katika biashara ya kawaida, ukiondoa gharama utakazoingia ili uuze. Ugumu hauko katika kanuni. Uko katika kuzipata namba hizo mbili kwa uaminifu.

Tuchukue duka moja la mfano pale sokoni. Tarehe 31 Desemba lina pakiti 120 za kilo mbili mbili za mbegu chotara ya mahindi, zote za loti moja. Kila pakiti ilinunuliwa kwa shilingi 480, na usafiri wa kuileta hadi Kasikeu uligharimu shilingi 10. Gharama yake basi ni 490, kwa sababu usafiri wa kuifikisha bidhaa dukani ni sehemu ya gharama yake. Kodi ya chumba, mshahara wa mlinzi na stima ya kuihifadhi baada ya kufika haviingii. Pakiti 120 kwa 490 ni shilingi 58,800. Hiyo ndiyo namba ambayo mwenye duka aliiandika na kuiacha.

Sasa thamani halisi ya mauzo. Swali la kwanza si bei bali idadi: katika hizi 120, ni ngapi zitakazouzwa kabla mbegu haijapita wakati wake? Jibu liko katika daftari la mauzo la duka lenyewe. Machi ya miaka mitatu iliyopita liliuza pakiti 60, kisha 20, kisha 55 za mbegu ya aina hii. Ule wa 20 ni mwaka ambao mvua ilichelewa, na ni kosa kuuondoa kwa madai kwamba ulikuwa mbaya, maana miaka ya aina hiyo ni sehemu ya maisha ya Kasikeu. Wastani ni 45. Bei ya kawaida ni 600, lakini mkulima anayeona Machi kwamba pakiti inaisha Aprili ataomba apunguziwe, kwa hiyo mwenye duka anakadiria 500. Kumpelekea mkulima kwa bodaboda au kumpa kijana anayetafuta wateja kamisheni kutakula shilingi 20 kwa kila pakiti. Inabaki 480. Pakiti 45 kwa 480 ni shilingi 21,600.

Vipi kuhusu zile 75 zilizobaki? Wengi husema kwamba hata mbegu ikiisha, mahindi ni mahindi: yatauzwa kwa bei ya nafaka au yatalishwa kuku. Hapana. Mbegu iliyoidhinishwa mara nyingi imepakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, na ndiyo maana ina rangi ya kijani, waridi au nyekundu isiyofanana na mahindi ya debe. Haifai kuliwa na mtu wala mnyama, na kuiosha hakuigeuzi kuwa chakula. Nchini Iraki mwaka 1971 nafaka ya mbegu iliyopakwa dawa ya zebaki iligawiwa kwa kupandwa, watu wakaisaga na kuila, na hesabu rasmi ilikuwa vifo 459. Dawa za siku hizi si zile, lakini somo kwa mhasibu ni lile lile: thamani ya mabaki ya mbegu iliyopakwa dawa ni sifuri. Tena mara nyingine ni gharama, kwa sababu kuiteketeza kihalali kunahitaji kumlipa mwenye leseni ya NEMA ya kushughulikia taka za aina hiyo.

Kwa hiyo pakiti 120 zilizogharimu 58,800 zina thamani halisi ya mauzo ya 21,600. Tofauti, shilingi 37,200, ndiyo ya kushushwa.

Kabla ya kuiandika, mtu achunguze mambo mawili yanayoweza kubadilisha hesabu yote. La kwanza ni mkataba na msambazaji. Ikiwa kampuni imekubali kwa maandishi kurudishiwa mbegu ambazo hazikuuzwa, tuseme kwa 400 kila pakiti, thamani ya zile 75 ni 400 kutoa nauli ya kuzirudisha, wala si sifuri. Na ikiwa mbegu ililetwa kwa makubaliano kwamba duka litalipia tu kile lilichouza, basi kimsingi stoki hiyo si ya duka. Haipaswi kuwa katika vitabu vyake hata kidogo, na hakuna cha kushusha. Ahadi ya mdomo ya kijana wa mauzo aliyepita Septemba haihesabiki.

La pili ni hali ya mbegu yenyewe. Mtaalamu wa mbegu James Harrington aliacha kipimo kinachojulikana sana: kila joto la ghala likipanda kwa nyuzi 5 hivi, maisha ya mbegu hupungua karibu nusu. Stoo iliyoezekwa mabati bila dari huko Ukambani ni tanuri mwezi wa Februari. Tarehe iliyochapishwa hudhani kwamba mbegu ilihifadhiwa vizuri. Fungua pakiti moja, chukua punje 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya wiki moja uhesabu zilizoota. Zikiota 60, hata zile 45 hazina bei ya 500, na duka litakaloziuza litazungumzwa kila siku ya soko. Kipimo hiki cha nyumbani hakichukui nafasi ya maabara ya KEPHIS, lakini ni ushahidi bora kuliko kuangalia pakiti kwa macho.

Sasa tazama rafu ya pili. Kuna pampu 6 za kunyunyizia dawa, zile za kubeba mgongoni, na hazijauzwa hata moja kwa miezi 14. Kila moja iligharimu 2,600. Vumbi lililoko juu yake linamshawishi mtu aseme hii nayo imekufa, ipunguzwe nusu. Lakini ulizia bei. Pampu ile ile inauzwa Sultan Hamud kwa 3,200, na mwenye duka anaamini kwamba kwa 3,000 atazimaliza, akitoa 150 ya kumfikishia mteja. Thamani halisi ya mauzo ni 2,850, iliyo juu ya 2,600. Hakuna cha kushusha. Pampu ni stoki inayokwenda polepole, lakini haijapoteza thamani. Mwendo wa polepole ni ishara ya kukufanya upige hesabu, nao hautoi jibu la hesabu hiyo.

Ndiyo sababu siupendi ule utaratibu wa asilimia kwa umri ambao ofisi nyingi huuweka katika kompyuta: miezi sita, punguza robo, mwaka mmoja, punguza nusu, zaidi ya hapo, yote. Kwa duka la vipuri lenye maelfu ya bidhaa unaweza kufaa, mradi asilimia zimetokana na mauzo ya miaka iliyopita na zinapimwa tena kila mwaka. Katika duka la mbegu unapotosha pande zote mbili. Ungeipunguza pampu isiyohitaji kupunguzwa, na mbegu iliyoletwa Septemba, yenye miezi mitatu tu, ungeiacha ilivyo ingawa imekwisha kupitwa na msimu wake mkubwa. Mbegu ina umri wa misimu, si wa miezi.

Kishawishi kingine ni kufidia. Pampu sita zina faida iliyojificha ya 250 kila moja, jumla 1,500. Mtu akijumlisha duka lote kwa pamoja, faida hiyo itapunguza hasara ya mbegu. Kanuni inataka kila bidhaa ipimwe peke yake, au kundi la bidhaa zinazofanana kweli. Faida ya pampu itasubiri pampu iuzwe.

Namna ya kuandika inategemea jinsi duka linavyotunza vitabu, na hapa nataka kwenda taratibu kwa sababu nimeona hasara moja ikiandikwa mara mbili. Duka linalofuatilia stoki kila siku, kwa daftari la leja au kwa kompyuta, linaandika hivi tarehe 31 Desemba:

Debiti: Hasara ya kushuka kwa thamani ya stoki, 37,200
Krediti: Punguzo la thamani ya stoki, 37,200

Akaunti ya debiti inaingia katika taarifa ya faida na hasara, ndani ya gharama ya mauzo au kando yake. Akaunti ya krediti ni ya mizania: inakaa chini ya stoki na kuipunguza, ili msomaji aone 58,800 kutoa 37,200, yaani 21,600. Unaweza pia kuikrediti akaunti ya stoki moja kwa moja, na jumla itakuwa ile ile. Mimi huchagua akaunti ya punguzo, kwa sababu gharama ya asili inabaki ikionekana na itahitajika baadaye.

Duka dogo, na mengi ya Kasikeu ni hayo, halifuatilii kila siku. Linahesabu stoki mwisho wa mwaka na kutafuta gharama ya bidhaa zilizouzwa kwa njia ya zamani: stoki ya mwanzo, ongeza manunuzi, toa stoki ya mwisho. Tuseme stoki ya mwanzo ni 210,000, manunuzi ya mwaka 940,000, mauzo 1,080,000, na stoki nyingine zote mwishoni ni 190,000. Ukiingiza mbegu kwa 58,800, stoki ya mwisho ni 248,800, gharama ya bidhaa zilizouzwa 901,200, na faida ghafi 178,800. Ukiingiza mbegu kwa 21,600, stoki ya mwisho ni 211,600, gharama inapanda hadi 938,400, na faida ghafi inakuwa 141,600. Hasara ya 37,200 imekwisha kuingia yenyewe kupitia stoki ya mwisho. Ukiongeza tena debiti ya 37,200, umeiandika mara ya pili. Dalili yake ni rahisi: faida imeshuka kwa mara mbili ya kile ulichokokotoa kwenye karatasi ya stoki.

Tazama pia ukubwa wake. Bidhaa moja, kwenye rafu moja, imeondoa zaidi ya moja ya tano ya faida ghafi ya mwaka. Mwenye duka aliyebaki na 178,800 akilini ataipeleka namba hiyo kwenye sacco kuombea mkopo, au atajitolea fedha za karo kwa kuitegemea, na fedha zenyewe hazipo.

Tarehe inaleta swali jingine. Vitabu vya Desemba kwa kawaida hukamilishwa miezi kadhaa baadaye. Tuseme Januari msambazaji anaandika barua kwamba hapokei mbegu za loti ile. Barua imekuja baada ya mwaka kufungwa, lakini inaeleza hali iliyokuwapo 31 Desemba, kwa hiyo itumike kurekebisha makadirio. Mvua kubwa ikinyesha mwishoni mwa Machi ni jambo jipya la mwaka mpya. Makadirio ya Desemba hayarudiwi kwa ajili yake, na faida yake itaonekana katika mwaka wake.

Kuhusu kodi, wengi wanatarajia nafuu isiyokuwapo. Duka lenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka linaloilipa KRA kodi ya mauzo ghafi hulipa, tangu Julai 2023, asilimia 3 ya mauzo bila kutoa gharama yoyote. Kwa mauzo ya 1,080,000 hiyo ni 32,400, ushushe stoki au usishushe. Anayelipa kodi ya faida ndiye anayeguswa, naye ajue kwamba punguzo la jumla, la kusema tu asilimia 10 ya stoki yote, huongezwa tena kwenye faida wakati wa kukokotoa kodi. Kinachoweza kutetewa ni hasara ya bidhaa mahususi yenye karatasi: orodha ya kuhesabu stoki yenye namba ya loti na tarehe ya pakiti, mauzo ya Machi zilizopita, jibu la msambazaji, matokeo ya kuotesha punje 100, na baadaye hati ya kuteketeza.

Sasa turudi kwenye pakiti zetu, maana hesabu hii ina mwisho wake. Mwaka huu uua imekuja vizuri. Badala ya pakiti 45, duka limeuza 70 kwa shilingi 500 taslimu, jumla 35,000, na bodaboda na kamisheni zimekula 1,400. Mwisho wa Aprili umefika na pakiti 50 zimebaki. Zimetengwa na hazitauzwa tena. Mauzo yaliandikwa kama kawaida, debiti fedha taslimu na krediti mauzo. Kuifunga loti yote, duka linaandika:

Debiti: Punguzo la thamani ya stoki, 37,200
Debiti: Gharama ya mauzo, 21,600
Krediti: Stoki, 58,800

Mwaka mpya basi umepata 35,000 kutoa 21,600 na 1,400, yaani faida ya 12,000. Mwaka uliopita ulibeba hasara ya 37,200. Kwa pamoja mbegu hii imelipotezea duka 25,200, na utapata namba hiyo hiyo ukichukua fedha zote zilizoingia na kutoa zote zilizotoka: 35,000 kutoa 58,800 kutoa 1,400. Kushusha thamani hakukuongeza wala kupunguza hasara hata shilingi moja. Kuliipeleka katika mwaka ulioagiza pakiti nyingi mno, na mwenye duka anapokaa Agosti kuandaa oda ya nthwa, namba ya mwaka huo ndiyo anayopaswa kuitazama.

Kama loti isingefungwa, tuseme ni mbegu ya muda mrefu ambayo bado iko dukani mwisho wa kipindi kinachofuata na soko lake limefufuka, thamani ingepimwa upya na sehemu ya punguzo ingerudishwa: debiti punguzo, krediti gharama ya mauzo. Mpaka wa kurudisha ni gharama ya asili. Pakiti ya 490 hairudi juu ya 490 hata ikianza kuuzwa 700, na hapo ndipo ile akaunti ya punguzo iliyoacha gharama ikionekana inapokuwa na kazi.

Zimebaki zile pakiti 50 zenyewe. Vitabuni ni sifuri, lakini bado ziko kwenye sanduku stoo, kilo 100 za mahindi yenye rangi, katika eneo ambalo njaa hurudi. Ziandikwe kwenye orodha ya stoki kwa idadi, loti na thamani ya sifuri, sanduku lifungwe na kuwekwa alama, na mstari huo ubaki kwenye orodha hadi siku hati ya kuteketeza itakapobandikwa kando yake. Bidhaa ikifutwa kwenye orodha kabla ya kutoka stoo, hakuna atakayejua siku itakapopungua pakiti kumi, wala zimekwenda kwa nani.